Sekunde 30, Silabi 150

Fomu za mashindano ya wabunifu siku hizi huwa na kipengele kinachowatoa vijana jasho kuliko mpango wa biashara wenye kurasa ishirini. Kipengele chenyewe ni kifupi: pakia video isiyozidi sekunde 30, ueleze tatizo, suluhisho na matokeo uliyokwisha kupata. Mashindano mengine ni karimu zaidi. Y Combinator, taasisi ya Marekani iliyoanza mwaka 2005 na ambayo mfumo wake umeigwa duniani kote, huwaomba waombaji video ya dakika moja, na huwasihi wasikariri maandishi. Lakini fomu nyingi zinazowafikia vijana wetu zimebana hadi nusu dakika, na sababu haina siri. Anayetazama ana mamia ya video za kupitia. Hatafuti wa kumpa fedha siku hiyo, anatafuta wa kumwita ili amsikilize vizuri.

Kwa hiyo video ya sekunde 30 ina kazi moja tu, ya kumfanya jaji aseme, "Huyu aje." Haitakiwi kumaliza maswali. Inatakiwa kuacha maswali yale ambayo mwanzilishi ana majibu yake.

Namna ya kuiandika tutaionyesha kwa mfano mmoja tutakaoufuata tangu mwanzo. Mwanzilishi wetu ni wa kubuni, na namba zake ni za mfano, ila kazi yake anaijua kila aliyewahi kufika mwaloni kando ya Ziwa Victoria. Ni binti wa Musoma anayekausha dagaa.

Kwa asiyejua, dagaa wa ziwani huvuliwa usiku wa giza kwa taa. Mwezi ukiwa mkubwa taa haziwavuti, basi wavuvi hupumzika siku kadhaa, kisha giza likirudi nao hurudi majini. Alfajiri mitumbwi inapotia nanga, akina mama hununua dagaa wabichi kwa ndoo na kuwaanika, mara nyingi juu ya mchanga mtupu. Jua likiwaka wanakauka siku hiyohiyo. Mvua ikinyesha wanalowa, wanachanganyika na mchanga, wanaanza kuoza, na mzigo uliokusudiwa kuliwa na watu unaishia kwenye chakula cha kuku kwa bei ya kutupa. Kenya samaki huyohuyo huitwa omena, Uganda mukene, na hasara yake inafahamika katika mialo yote.

Binti wetu amejenga hema la plastiki angavu lenye chanja ndani yake. Akina mama wanakodi nafasi, wanalipa kwa ndoo. Amefanya kazi hiyo miezi miwili. Sasa anataka kuingia kwenye mashindano, na ameketi kuandika skripti.

Rasimu ya kwanza ya karibu kila mwanzilishi huwa hivi:

"Habari zenu, naitwa fulani, mwanzilishi na mkurugenzi mtendaji wa kampuni yetu. Kama sote tunavyofahamu, sekta ya uvuvi ni uti wa mgongo wa uchumi wa Kanda ya Ziwa. Hata hivyo, wanawake wengi wanakumbana na changamoto mbalimbali za upotevu wa mazao baada ya mavuno kutokana na mabadiliko ya tabianchi. Sisi tumekuja na suluhisho bunifu, rafiki kwa mazingira..."

Isome kwa sauti huku saa ya simu ikihesabu. Muda unakaribia kwisha, na neno dagaa bado halijatamkwa. Jaji amesikia kuhusu sekta, kanda, changamoto na tabianchi, lakini hajamwona mtu hata mmoja aliyelowa. Tena kila sentensi hapo ni ya kweli, na ndiyo maana kosa lenyewe halionekani kirahisi. Mwandishi akiipitia hapati la kukanusha. Angejiuliza swali jingine, maneno haya yangeweza kusemwa na mwombaji mwingine yeyote wa kanda hiyo? Yangeweza. Muuza nyavu angeyasema, mwenye kiwanda cha barafu angeyasema, hata mgombea udiwani.

Kabla ya kuirekebisha, inafaa kujua ukubwa wa chombo tunachokijaza. Miongozo mingi ya kupichi imetungwa kwa Kiingereza na humwambia mwanzilishi aandike maneno 75 hivi kwa nusu dakika. Ukiichukua hesabu hiyo kama ilivyo utazidisha muda, kwa kuwa neno moja la Kiswahili linaweza kubeba mzigo wa maneno kadhaa ya wenzetu. "Aliyewanunua" ni neno moja lenye silabi saba. Kwetu kipimo kinachofaa ni silabi. Mtu anayezungumza kwa utulivu, bila kukimbizwa, hutoa silabi tano mpaka sita kwa sekunde. Usiniamini mimi. Chukua aya ya gazeti, isome kwa dakika moja jinsi unavyozungumza na mgeni, kisha hesabu. Ukipata silabi sita kwa sekunde, basi silabi 150 zitakuchukua sekunde 25, na tano zinazobaki ni za kuvuta pumzi na kutua. Mtu asiyetua hasikiki, hata akipaza sauti.

Rasimu ile niliyoitaja ina silabi kama 140 kabla haijafika popote. Salamu, jina na cheo peke yake vimekula zaidi ya thelathini, yaani sekunde tano au sita. Jina halina haja ya kutamkwa. Liandike chini ya picha kwa maandishi yanayosomeka, pamoja na mahali ulipo, na mdomo uachiwe kazi ambayo maandishi hayaiwezi.

Tarakimu nazo ni walafi wa muda, na walafi wasiotambulika, kwa sababu kwenye karatasi zinaonekana ndogo. Andika 2,347,500 na utaona tarakimu saba. Zitamke: milioni mbili laki tatu elfu arobaini na saba na mia tano. Umetumia silabi 25, sehemu moja ya sita ya skripti nzima, na jaji amekumbuka "milioni mbili na kitu". Basi sema zaidi ya milioni mbili, na ile namba kamili iwekwe kwenye maandishi ya skrini ikiwa ina umuhimu.

Sasa tuandike. Ushauri wa kawaida ni kuanza na tatizo, kwa kuwa ndilo litakalosikika kwanza. Mimi ningemshauri binti wetu aandike matokeo kwanza, hata kama yatasemwa mwishoni. Anayeanza na tatizo hupenda kulipanua, kwa kuwa matatizo yapo tele na yana uchungu wa kusimulia, akija kushtuka amebakiwa na sekunde nne za kusema aliyoyafanya. Anayeanza na matokeo hujikuta na ushahidi mahususi mkononi, na ushahidi huo humwambia ni tatizo gani hasa amelitatua. Tatizo pana la uvuvi wa ziwani hajalitatua. Alilotatua ni dagaa wa mama fulani kutolowa mwezi wa Machi.

Historia ya M-Pesa ni mfano mzuri wa jambo hili. Majaribio yake yalipoanza Kenya mwezi wa Oktoba 2005, pamoja na taasisi ya mikopo ya Faulu, lengo lilikuwa wakopaji warejeshe mikopo kwa simu. Waliokuwa wakifuatilia wakaona watu wanautumia mfumo huo kwa mengine, hasa kutumiana pesa wao kwa wao. Huduma ilipozinduliwa rasmi Machi 2007, haikuuzwa kama njia ya kurejesha mkopo, iliuzwa kama njia ya kutuma pesa nyumbani. Matokeo ya awali ndiyo yaliyoandika tangazo. Kama tangazo lingeandikwa mwaka 2005 kwa kufuata mpango wa kwanza, lingekuwa tangazo la bidhaa nyingine.

Binti wetu ana nini mkononi? Ana daftari. Machi waliokodi hema walikuwa akina mama 14. Giza la Aprili lilipoingia, tisa kati yao walirudi, na wageni sita wakaja kwa kuambiwa na wenzao. Kwa hiyo Aprili alikuwa na wateja 15, waliokausha jumla ya ndoo 160, kila ndoo kwa shilingi 1,000. Ana pia wafuasi 3,000 kwenye ukurasa wake wa Instagram, cheti cha mafunzo ya ujasiriamali, na picha akiwa na mkuu wa wilaya siku hema lilipofunguliwa.

Vijana wengi hapa wangechukua wafuasi 3,000, kwani ndiyo namba kubwa kuliko zote. Jaji mzoefu akiisikia anajua kuwa mwanzilishi hana cha kusema. Mfuasi hajalipa kitu, na huenda anaishi Mbeya wala hajawahi kuona mwalo. Picha ya mkuu wa wilaya inathibitisha kwamba mkuu wa wilaya alifika. Cheti kinathibitisha mahudhurio. Hata wale akina mama 14 wa Machi, pamoja na kulipa, bado ni ushahidi hafifu kidogo, maana mtu anaweza kujaribu kitu kipya kwa udadisi, au kwa kumwonea binti huruma kwa sababu anamjua mama yake.

Namba nzito kuliko zote katika daftari ni tisa. Wale tisa walilipa, wakaona walichopata, wakaenda kupumzika wakati wa mbalamwezi, na giza liliporudi wakatoa tena pesa zao. Hakuna anayerudi kwa huruma mara ya pili, tena akiwa na mkopo wa kulipa. Wenzao sita ni uzito wa nyongeza, kwa maana mama wa mwaloni hamwiti shoga yake kwenye jambo litakalomtia hasara na kumletea lawama.

Hapa pana jambo la kufahamu kuhusu kipimo cha kurudi. Kila biashara ina mzunguko wake. Muuza vitumbua anapimwa kwa siku, kwa sababu mteja aliyeridhika hurudi kesho yake asubuhi. Mwenye kukodisha trekta anapimwa kwa msimu wa kulima, na kama ana miezi minne tu kazini bado hawezi kudai kwamba wateja wamerudi. Kwa dagaa mzunguko ni giza. Mwanzilishi anayesema "wateja wetu wanarudi" bila kutaja mzunguko hajasema chochote kinachoweza kukaguliwa.

Na asigeuze namba ndogo kuwa asilimia. Tisa kati ya 14 ni asilimia 64.3, na kuna mshauri fulani mahali fulani ambaye angemwambia aseme hivyo kwa kuwa inasikika kitaalamu. Inasikika hivyo, ila jaji atauliza, asilimia ya wangapi? Atakapoambiwa 14 atahisi alitaka kufunikwa macho. Waseme walivyo: kumi na wanne, tisa. Udogo wa namba si aibu kwa kampuni ya miezi miwili. Aibu ni kuificha.

Sentensi ya matokeo ilianza hivi: "Mwezi wa kwanza walikuja akina mama kumi na wanne." Nzuri, lakini masikio ya Mtanzania yanaposikia mwezi wa kwanza yanaelewa Januari. Tena Januari kuna jua kali sehemu nyingi, na jaji atashangaa hema la kukinga mvua lilikodiwa ya nini. Kusema "giza la kwanza" kungekuwa sahihi mwaloni, ila jaji aliyekulia Dodoma atadhani umeme ulikatika. Kwa hiyo: "Machi walikuja akina mama kumi na wanne. Aprili tisa wakarudi, na kuleta wenzao sita." Ni silabi 35. Kutaja miezi kumeleta faida nyingine ambayo mwandishi hakuipanga, kwamba msikilizaji anajua sasa majaribio yalifanyika wakati wa masika.

Matokeo yakishakaa, tatizo linajiandika lenyewe, kwa sababu tunamtafuta mama yuleyule aliyerudi na kumuuliza alikuwa anakimbia nini. Hakuwa anakimbia upotevu wa mazao baada ya mavuno. Alikuwa amenunua ndoo kwa pesa ya mkopo, mvua ikanyesha, dagaa wakaharibika, akauza kwa wafuga kuku kwa nusu ya bei, na mkopo ukabaki palepale. Hiyo ndiyo sentensi: "Mvua ikinyesha, dagaa walioanikwa mchangani wanaoza. Mama aliyewanunua kwa mkopo anawauza kwa wafuga kuku, nusu bei." Silabi kama 51, zaidi kidogo ya theluthi ya nafasi yote, na isizidi hapo. Ndani yake kuna mtu, kuna chanzo cha hasara, na kuna kiasi cha hasara. Neno "mkopo" limebeba mengi kwa silabi tatu, kwani linaeleza kwa nini mama huyu hawezi kungoja jua la kesho.

Ile "nusu bei" lazima iwe ya kweli. Mwanzilishi awe ameulizia bei ya kilo safi na ya kilo iliyoharibika katika soko moja na siku moja, iwe Musoma mjini au Mwaloni Kirumba kule Mwanza, ambako wachuuzi wa dagaa hutoka hata Kongo. Bei ya dagaa hupanda na kushuka kwa giza na msimu, hivyo kilo safi ya Februari haiwezi kulinganishwa na kilo mbovu ya Aprili.

Suluhisho ndiyo sehemu ambayo waanzilishi huipenda mno, hasa waliosoma uhandisi. Wangependa kueleza unene wa plastiki, jinsi hewa ya moto inavyopanda na kutoka juu, na kwa nini chanja imeinuliwa kimo fulani kutoka ardhini. Mambo hayo ni ya msingi, na yatakuwa na siku yake. Kwenye video jaji anataka kujua vitu viwili: kinafanyaje kazi kwa lugha ya mtu wa kawaida, na nani analipa. Binti wetu aliandika: "Tunamkodisha chanja ndani ya hema la plastiki, linalokausha dagaa hata siku ya mvua. Analipa elfu moja kwa ndoo."

Kwenye sentensi hiyo kuna ahadi inayozidi ukweli. Hema la namna hii hukausha kwa joto la jua. Mvua ikipiga kutwa nzima na mawingu yakatanda, joto la ndani linashuka, hewa inajaa unyevu, na dagaa hawakauki, wanakaa tu bila kulowa. Faida yake halisi ni kwamba mvua haiwafikii, mchanga hawaugusi, na jua likichomoza baada ya mvua kazi inaendelea papo hapo wakati mchanga wa nje bado umelowa. Hiyo ni faida kubwa, lakini si sawa na kukausha siku ya mvua. Kwenye jopo la majaji watano kuna uwezekano wa kuwapo mmoja aliyewahi kufanya kazi na wavuvi, na sentensi moja iliyozidi itamfanya atilie shaka zile tisa. Ikabadilishwa: "Jua linaingia, mvua haiingii." Imekuwa fupi zaidi na haina wa kuipinga.

Kuhusu ombi la fedha, wengine hulipuuza wakidhani jaji ataelewa mwenyewe. Asemewe. Silabi ishirini zinatosha: kiasi, na kitu kitakachonunuliwa. Skripti kamili ikawa hivi:

"Mvua ikinyesha, dagaa walioanikwa mchangani wanaoza. Mama aliyewanunua kwa mkopo anawauza kwa wafuga kuku, nusu bei. Tunamkodisha chanja ndani ya hema la plastiki. Jua linaingia, mvua haiingii. Analipa elfu moja kwa ndoo. Machi walikuja akina mama kumi na wanne. Aprili tisa wakarudi, na kuleta wenzao sita. Tunatafuta milioni sita, tujenge mahema matatu."

Maneno 52, silabi 148 kwa hesabu yangu. Yako inaweza kupishana nayo kwa mbili tatu, kutegemea unavyomhesabu "nne".

Kipimo cha kwanza cha skripti hii si jaji wala mwalimu wa ujasiriamali. Tafuta mtu asiyehusika na biashara yako, kinyozi au jirani, msomee mara moja, kisha zungumzeni habari nyingine dakika tano. Baada ya hapo muulize: nani ana shida, tunauza nini, nani ameshalipa? Akikwama kwenye la tatu, matokeo yako yamesemwa haraka au yamefunikwa na sentensi ya ombi. Akikwama kwenye la kwanza, umeanza na sekta badala ya mtu. Kosa linalojitokeza mara nyingi zaidi ni la pili: anasema mnauza dagaa. Basi neno "tunamkodisha" halikusikika, na hapo dawa ni kutua kidogo kabla yake, au picha ionyeshe ndoo ikikabidhiwa na noti ikitolewa.

Kukariri nako kuna namna yake. Mtu aliyekariri kila neno macho yake huganda, na akisahau moja yote yanaporomoka. Asiyekariri kabisa hupotea kwenye maelezo na kujikuta sekunde ya 50. Ninachokiona kikifaa ni kushika maneno ya kwanza ya kila sentensi tu: mvua, mama, tunamkodisha, jua, analipa, Machi, Aprili, tunatafuta. Vigingi vinane. Kati ya kigingi na kigingi ulimi uwe huru kidogo, na kama sentensi imekataa kukaa mdomoni baada ya kuirudia mara nyingi, sentensi ndiyo yenye kasoro.

Kurekodi kunaharibiwa na sauti kuliko picha. Mwaloni kuna upepo, injini za mitumbwi na watu wanaoitana kwa nguvu, na kinasa sauti cha simu huchukua vyote kwa usawa. Jaji atavumilia picha yenye ukungu, ila sauti inayovuma ataizima. Tumia kipaza sauti cha waya wa masikioni kilichofichwa kolani, au simama karibu na simu kiasi cha mkono mmoja. Binti wetu ana bahati kuwa na studio ya asili: ndani ya hema la plastiki mwanga wa jua husambaa na hauachi vivuli vikali usoni. Achague tu asubuhi tulivu, kabla joto halijapanda na plastiki haijaanza kupigwa na upepo. Akisimama nje asilipe jua mgongo, uso utakuwa giza tupu.

Sekunde tatu za mwanzo picha isiwe uso wake. Iwe dagaa waliolowa mchangani, sauti yake ikisikika juu yake, kisha yeye aonekane anapofika kwenye hema. Maneno yote yaandikwe chini ya picha, maana wengine hutazama kwenye daladala bila sauti. Na video isipitishwe WhatsApp kabla ya kupakiwa kwenye fomu. Programu hiyo hupunguza ubora wa video inapotumwa kwa njia ya kawaida, na maandishi madogo yataharibika. Ipakie ile ya asili kutoka kwenye simu iliyorekodi.

Tuseme imefaulu, ameitwa. Sasa jaji anafungua daftari lake na kuuliza yale ambayo sekunde 30 ziliyaacha. Watano hawakurudi Aprili, kwa nini? Binti aliwafuata mmoja mmoja. Wawili hawakuwa na mtaji giza hilo, hawakununua dagaa kabisa. Watatu walikuja wakakuta hema limejaa. Jibu hilo ni bora kuliko lile la kusema wote walirudi, kwa kuwa linaonyesha uhaba wa nafasi, na ndiyo sababu ya kuomba mahema mengine.

Swali la pili ni gumu zaidi. Milioni sita kwa mahema matatu ni milioni mbili kila moja. Hema moja Aprili liliingiza shilingi 160,000. Ukigawa, hema linarudisha gharama yake baada ya miezi kumi na miwili na nusu, kabla ya kumlipa kijana anayelinda usiku, kabla ya kubadilisha plastiki iliyochanika, na kwa kudhani kwamba kila mwezi ni Aprili. Na kila mwezi si Aprili. Julai ziwani ni kiangazi, mchanga ni mkavu na ni wa bure. Je, mama atalipa shilingi elfu moja wakati jua linamwanikia bila malipo? Huenda atalipa, kwa kuwa dagaa wasio na mchanga wana mnunuzi wake na bei yake. Huenda asilipe, na hapo biashara hii itakuwa ya miezi michache ya mvua, milioni mbili zitarudi baada ya miaka miwili au mitatu, na bei ya ndoo itabidi ipande wakati wa masika.

Daftari la miezi miwili halina jibu la swali hilo, na hakuna skripti inayoweza kulitunga. Kwa hiyo kama mwisho wa kupokea maombi ni Septemba, asitume video iliyorekodiwa Mei. Asubiri magiza ya Julai na Agosti yapite, ahesabu wangapi kati ya wale 15 walikodi chanja jua likiwaka, hata kama ni wanne tu, kisha arekodi upya sentensi ya matokeo kwa miezi hiyo. Silabi zitakazozidi zitatoka kwenye sentensi ya tatizo, ambayo bado ni ndefu kidogo.